Tarehe Aliyoisahihisha Mwalimu Hoai

Kila mstari wa ile orodha ya kukagulia barua ulikuwa na kovu lake. Ilibandikwa ukutani juu ya kompyuta, nyuma ya nyumba ya mzee Toan, na aliyeiandika ni mwalimu Hoai kwa mkono wake, herufi zimesimama wima kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Majina: linganisha na karatasi ya asili, herufi kwa herufi, usiamini kumbukumbu ya mtu. Mstari huo ulizaliwa siku walipoandika jina la marehemu mmoja na kumpa ubini wa jirani yake, na mama mzazi akalia mbele yao. Tarakimu: mmoja asome kwa sauti, mmoja aangalie, moja moja, kisha mrudie kutoka nyuma. Tarehe: mwezi uandikwe kwa neno, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi na sisi hutanguliza siku. Viambatisho: vifunguliwe kutoka ndani ya barua yenyewe, si kutoka kwenye folda, na idadi yake ilingane na idadi iliyotajwa. Mwisho kabisa, anwani ya mpokeaji. Hiyo iliachwa tupu mpaka dakika ya mwisho, barua isije ikachomoka ikiwa nusu uchi.

Walikuwa watu watatu tu katika ile kamati yao ya kujitolea pale Tan Loc, kusini mwa Vietnam, na kazi yao ilikuwa kuwaandikia Wamarekani wazee waliowahi kupigana pale, kuwauliza waliwafukia wapi watu. Ukiisema hivyo inasikika kama jambo la ajabu. Kwao ilikuwa kazi ya Jumamosi. Wazee wale nao walikuwa wakijibu, maana uzee una namna yake ya kumgongea mtu mlango.

Mwaka huo, 2019, mzee aliyejibu aliitwa Delbert Haugen. Katika vita aliendesha katapila kwenye uwanja wa ndege wa Go Say, kilomita tatu kutoka pale alipokuwa amekaa Hoai, na mwaka 1968, uwanja uliposhambuliwa wakati wa Tet, sikukuu yao ya mwaka mpya, ni katapila lake lililochimba mashimo. Aliandika daftari. Kila siku ukurasa mmoja: wamechimba wapi, hatua ngapi kutoka tangi la maji, wameweka watu wangapi.

Barua yake ilikuwa fupi, imechapwa na bintiye Marit, kwani macho ya mzee yalikuwa yamekwisha na mapafu yanafuata. Hoai aliifasiri kwa sauti mbele ya wote. "Nitampa binti yangu ukurasa mmoja aunakili. Mmoja tu. Kurasa nyingine zina mambo ambayo sitaki mwanangu ayasome baada yangu, na nitazichoma mwenyewe nikiwa bado na nguvu ya kuwasha kiberiti. Niambieni tarehe moja. Ijumaa naingia hospitali."

"Huyu naye," alisema mzee Toan, "anatupa tikiti moja ya bahati nasibu."

"Anatupa alichonacho," alisema Bi Nhan.

Bi Nhan ndiye aliyekuwa mwenye haja. Umri wake miaka sabini na minne, ametoka Thai Binh kaskazini kwa treni, siku mbili amekaa kwenye kiti kigumu na kikapu cha mchele wa kunata mapajani, kwa sababu mdogo wake Vu Dinh Khiem alikufa pale Go Say akiwa na miaka ishirini. Mama yao alikufa mapema, na Khiem alilelewa mgongoni kwa dada yake. Alipoondoka kwenda vitani, dada alimwambia, "Ukirudi umekonda sitakufungulia mlango." Aliwasimulia hilo siku ya kwanza huku akicheka, kisha akainamia kikombe chake cha chai. Alikuwa anakaa kwa Hoai. Asubuhi alifagia uwanja kabla mwenyeji wake hajaamka, na Hoai, ambaye hakuwahi kuolewa, na ambaye mama yake alishatangulia mbele ya haki, alianza kuogopa siku ambayo mgeni huyo angefunga kikapu chake.

Alikuja na karatasi mbili kwenye mfuko wa plastiki. Ya kwanza, taarifa ya kifo kutoka serikalini: amekufa tarehe 31 Januari 1968, uwanja wa mapigano wa kusini, na hakuna zaidi. Ya pili, barua ya rafiki wa Khiem, kijana wa kijiji hichohicho, iliyoandikwa kwa penseli: Khiem ameanguka kwenye waya wa miiba wa uwanja wa Go Say kabla ya mapambazuko, siku ya tatu ya Tet, mimi nilikuwa nyuma yake, dada nisamehe sikuweza kumbeba. Kijana huyo naye hakurudi.

Alhamisi asubuhi wakakaa kufanya ukaguzi wa mwisho. Hoai aliomba ruhusa shuleni, anakofundisha Kiingereza, akasingizia jino. Rasimu ilikuwa tayari tangu jana. Bi Nhan aliketi kwenye kigoda kando ya mlango, mikono mapajani, kama mtu aliyeletwa mahakamani kusikiliza hukumu ya mwenziwe.

Toan alikuwa karani wa posta miaka thelathini na minne, na sauti yake ya kusoma haikuwahi kustaafu. "V, u. Nafasi. D, i, n, h. Nafasi. K, h, i, e, m."

"Ndiyo. Endelea."

"Tangi la maji, namba za ramani. Moja. Sifuri. Tisa. Mbili. Usisinzie, mwalimu."

"Nani kasinzia? Soma."

"Nne. Nne. Saba. Sasa nyuma. Saba. Nne. Nne..."

Walipofika kwenye tarehe, Hoai akatoa kitabu chake cha kalenda. Ilikuwa fahari yake: kalenda nene ya miaka mia moja, iliyochapwa Saigon kabla ya yeye kuzaliwa, aliyoirithi kwa babu yake, yenye kila siku ya mwezi mwandamo mkabala na siku ya kalenda ya kizungu. Watu wa kule huwahesabia wafu wao kwa mwezi mwandamo, na barua kwa Mmarekani sharti iende kwa hesabu yake yeye, kwa hiyo kitabu kile kilikuwa kimewavusha mara nyingi. Akafungua mwaka wa Tumbili, yaani 1968. Siku ya kwanza ya Tet, tarehe 30 Januari. Ya pili, 31. Ya tatu, mosi Februari.

Akarudia kwa kidole. Mosi Februari.

"Ngoja," alisema. "Hapa pana tatizo."

Rasimu ilisema 31 Januari, kama taarifa ya serikali. Barua ya penseli ilisema siku ya tatu ya Tet. Karatasi mbili, kifo kimoja, siku mbili.

Toan akainama juu ya kitabu. "Kalenda yako haikosei. Hata mimi nakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Siku ya tatu ile ilikuwa tarehe mosi, mama alinituma kuchota maji risasi zinalia, nikamwambia leo mwezi mpya wa kizungu, tusianze kwa mkosi. Akanizaba kofi."

"Una hakika?"

"Shavu langu lina hakika."

Hapo ndipo Hoai alipofanya alichokuwa amejifunza kufanya, na kwa ufundi. Taarifa za vifo za wakati ule zilijulikana kwa makosa. Makarani waliziandika miezi na miezi baadaye, mamia ya kilomita kutoka mahali pa tukio, na wengine waliandika tarehe ya vita vyote kwa kila aliyekufa. Barua ya penseli iliandikwa na mtu aliyekuwa nyuma ya Khiem pale pale kwenye waya. Kanuni yake ilikuwa hii: karatasi zikigombana, mwamini aliyekuwa karibu zaidi na maiti. Ilikuwa kanuni nzuri. Ilishawahi kuwarudisha watu wawili kwao.

"Mama," alimwambia Bi Nhan, akigeuza kiti, "karatasi zako zinapingana. Hii ya serikali imekosea siku moja. Mdogo wako alifariki mosi Februari."

Bi Nhan alizitazama karatasi zake kama anaziona kwa mara ya kwanza. "Zimekaa pamoja kabatini miaka hamsini, mwanangu. Kwetu hakuna aliyewahi kuziona zikigombana."

"Ni kwa sababu hakuna aliyezikagua."

"Pengine." Aliichukua ile ya serikali. "Mjumbe wa kijiji alipoileta hii ya serikali, baba aliisoma akasema, ndiyo, ni siku ileile ya kwenye barua. Baba alijua kusoma."

"Baba yako alikuwa na msiba, mama."

Alilisema kwa upole. Baadaye lilikuwa linamwamsha usingizini, na upole ule ndio uliokuwa ukiuma kuliko neno lenyewe.

"Basi wewe ndiye mwalimu," alisema Bi Nhan, akakunja mikono yake tena.

Kusema kweli, kama angekuwepo mzee Ben siku hiyo, kanali mstaafu ambaye ndiye aliyekuwa wa tatu katika kamati yao, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini mzee Ben alikuwa kwa mwanawe huko Da Lat akibembeleza mjukuu, na simu yake, kama kawaida yake, ilikuwa imezimwa ili kutunza betri. Hoai alipiga mara mbili. Saa zilikuwa zinakwenda, na huko kwa Haugen Ijumaa ilikuwa njiani.

Akafuta 31 Januari. Akaandika mosi Februari 1968, mwezi kwa neno. Kisha akafika kwenye viambatisho. Vilikuwa vitatu: ramani ya uwanja, barua ya penseli na tafsiri yake, na taarifa ya serikali. Akaviona vitatu hivyo kwa jicho la mzee mgonjwa na bintiye aliyechoka. Barua inasema tarehe moja, kiambatisho kinasema nyingine. Si watachanganyikiwa? Akakitoa cha tatu. Ndani ya barua, palipoandikwa "viambatisho vitatu", akaandika "viwili". Akavifungua viwili hivyo kimoja kimoja kutoka ndani ya barua, vikafunguka safi.

"Umeona?" alimwambia Toan. "Bila orodha tungempeleka mzee wa watu shimo lisilo lake."

"Ndiyo maana tunakuita mwalimu hata siku unayosingizia jino."

Akaweka anwani. Akabonyeza.

Jibu lilifika Jumamosi. Ukurasa wenyewe, ulionakiliwa kwa kalamu nyeusi na mwandiko wa Marit: mosi Februari, hatua mia mbili na kumi kusini mwa tangi la maji, kando ya mfereji, watu saba. Chini yake Marit aliongeza kwamba baba amekwisha timiza alilosema, na kwamba anawaombea.

Bi Nhan alipiga magoti pale pale kwenye saruji. Hoai alilia, Toan akaenda nje kujifanya anamfukuza kuku. Siku hiyo walikula pamoja, na Bi Nhan alipika mwenyewe samaki wa kwenye chungu kwa mtindo wa kwao, hana sukari, na Toan, mtu wa kusini asiyeweza kula kitu kisicho na sukari, akamsifu huku anatafuta maji.

Uchimbaji ulichukua siku tisa. Jeshi lilileta vijana kumi na sepeto, na hatua za Haugen zilikuwa sahihi kana kwamba alipima jana. Siku ya tisa udongo ukabadilika rangi. Walikuwemo. Watu saba, kama alivyoandika.

Bi Nhan alishuka ukingoni mwa shimo akiwa amebeba kitambaa chekundu alichokuja nacho kutoka Thai Binh. Alikaa akitazama kila kitu kinachotolewa. Khiem alikuwa na jino la mbele lililovunjika, alianguka kutoka kwenye nyati akiwa na miaka tisa. Mafuvu saba yalipangwa juu ya turubai. Alizunguka akiyatazama moja moja, kisha akayarudia kutoka nyuma, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Hayupo," alisema.

"Mama, miaka hamsini ardhini, jino linaweza—"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemwosha damu. Hayupo."

Bi Nhan alipokwisha kwenda kuketi peke yake mbali na shimo, mzee Ben aliwasili kutoka Da Lat, kofia mkononi. Alishika sahani ya bati iliyotolewa shimoni, akasugua kwa kidole gumba, akasoma maandishi yaliyochorwa kwa msumari. Akasoma na ya kwenye kitana kilichotoka pamoja nayo. Akatikisa kichwa.

"Hawa ni wa kikosi cha mkoa. Vijana wa hapahapa. Walishambulia usiku wa pili. Nyinyi mnamtafuta mtu wa kaskazini? Wa kaskazini waliingia usiku wa kwanza, wakaishia kwenye waya."

"Usiku wa kwanza ni lini?" aliuliza Hoai.

"Kuamkia 31 Januari."

"Lakini barua inasema siku ya tatu ya Tet."

"Ndiyo. Siku ya tatu."

"Siku ya tatu ni mosi Februari, mjomba. Nimeangalia kwenye kalenda."

"Kalenda ya wapi?"

Akamwambia. Mzee Ben alimtazama kwanza kwa mshangao, halafu, alipoona uso wake, kwa huruma.

"Mwaka ule Hanoi walikuwa wamebadilisha hesabu ya kalenda, binti yangu. Tet ya kaskazini ilitangulia ya Saigon kwa siku moja. Sisi tuliotoka kaskazini tulikula Tet tarehe 29. Siku yetu ya tatu ni 31. Hata wakati ule ilituchanganya." Akaiweka sahani chini. "Nilidhani kila mtu anajua."

Hoai alisimama na jua utosini. Kwa hiyo karatasi zile hazikuwahi kugombana. Taarifa ya serikali ilisema kweli, barua ya penseli ilisema kweli, na yule baba mwenye msiba alisoma sawasawa. Aliyekosea alikuwa mmoja tu, na alikosea akiwa na orodha mbele ya macho yake.

Jioni hiyohiyo aliandika. Hakumwita Toan. Aliandika kwa Marit kwamba kosa ni lake, kwamba anaomba ukurasa wa 31 Januari ikiwa kwa bahati ulinusurika moto, na akaambatisha taarifa ya serikali, akaifungua mara tatu kuhakikisha ipo. Kisha akangoja. Siku sita alifundisha watoto wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza bila kusikia neno lake mwenyewe.

Huku nyumbani Bi Nhan alikuwa ameanza kitu kipya. Kila asubuhi aliwasha ubani, na Hoai alimsikia akinong'ona kwenye kona. Siku ya nne akasimama nyuma ya pazia akasikiliza.

"Nisamehe, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Nimekuwa nikikuita kula siku isiyo yako miaka yote hii. Taarifa niliyoifuata ilikosea, na mimi sikujua. Labda ulikuja kesho yake ukakuta vyombo vimeoshwa. Ndiyo maana umenikasirikia hutaki kuonekana."

Hoai alirudi kitandani akajifunika shuka mpaka kichwani. Angeweza kusema pale pale. Hakusema. Alijiambia anangoja ukurasa, kwamba afadhali kukiri ukiwa na ukurasa mkononi. Huo ulikuwa woga, na alijua ni woga.

Jibu lilikuja siku ya saba. Delbert Haugen alifariki Jumanne. Marit aliandika kwa adabu na kwa uchungu. Baba alizichoma kurasa zile jikoni, kwenye sufuria, siku ileile aliyompa yeye ukurasa mmoja. Zote. Yeye alimshikia sufuria na kugeuza uso, kama alivyoahidi. Alitafuta masanduku yote baada ya kupata barua ya Hoai na hakuna kilichobaki. "Alikufa akiamini amemrudisha yule kijana kwa dada yake," aliandika. "Nisingekuwa na moyo wa kumwambia vingine, na sasa nashukuru kwamba barua yako ilichelewa."

Hoai aliisoma mara mbili. Akamkuta Bi Nhan jikoni akichambua mchicha, akachukua kigoda akaketi mbele yake, magoti yakigusana.

"Mama, nina jambo. Usininyamazishe mpaka nimalize."

Akasema yote. Kalenda mbili. Kidole chake kwenye kitabu. Kile kiambatisho cha tatu alichokitoa kwa mkono wake, ambacho kama angekiacha, pengine binti wa watu angeuliza, mbona hapa pana siku nyingine? Sufuria. Alisema mpaka sauti ikamwisha, na Bi Nhan aliendelea kuchambua mchicha, jani baada ya jani, mpaka fungu likaisha.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "siku yangu ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa, mama."

"Miaka yote."

"Miaka yote. Hukumkosesha hata mara moja."

Bi Nhan alifunika uso kwa mikono yenye udongo wa mchicha. Alilia kwa sauti nyembamba kama ya mtoto, na Hoai hakujua kama anamlilia mdogo wake aliyepotea mara ya pili au anashukuru. Alitaka kumshika bega, akaogopa. Mkono wake ulibaki hewani kati yao, kisha akaurudisha mapajani.

"Na ukurasa umeungua."

"Umeungua."

"Basi." Alipangusa macho kwa kiwiko. "Yule binti naye amefiwa. Umemwandikia pole?"

"Bado."

"Mwandikie. Mwambie baba yake alihesabu vizuri, saba walikuwa saba. Mama zao wamewapata."

Hoai alimwandikia. Hakuwa na haja ya orodha. Barua ilikuwa na majina mawili, haina tarehe, haina kiambatisho.

Siku ya treni, Bi Nhan aliomba apitishwe Go Say. Uwanja ule siku hizi ni nyasi na mihogo ya watu, umepita macho, huwezi kuona mwisho wake upande wa pili. Waya haupo. Hakuna anayejua waya ulipita wapi. Mzee Ben alionyesha kwa mkono, kutoka kule mpaka kule, na mkono wake ulifunika karibu nusu ya dunia.

Bi Nhan alifungua kile kitambaa chekundu. "Nipe udongo, mwanangu. Kiasi cha kiganja. Nitamzika na huo."

"Wa wapi, mama?"

"Popote."

Hoai alichukua mwiko mdogo. Alitembea hatua chache, akasimama, akarudi. Alitazama chini kama mtu aliyedondosha sindano. Kila alipotaka kuinama aliona hatua moja zaidi kushoto, hatua moja zaidi kulia. Toan alikohoa akaangalia pembeni. Mwisho alipiga magoti pale pale alipokuwa, akachimba, akamwaga udongo kwenye kitambaa. Bi Nhan aliufunga mafundo mawili.

Kisha akatoa kwenye kikapu kipande cha kadi na kalamu, akampa.

"Andika jina lake. Mwandiko wako mzuri."

Hoai aliandika: Vu Dinh Khiem. Herufi kwa herufi, midomo ikizitamka.

"Sasa siku yake. Siku ya tatu ya Tet, mwaka wa Tumbili."

Kalamu ikasimama. Hoai aliinua macho. Alitaka kuuliza kama aongeze ya kaskazini, au aweke na tarehe ya kizungu pembeni, ili mtu wa baadaye asije akapotea kama alivyopotea yeye. Bi Nhan aliliona swali kabla halijatoka. Akaweka kiganja chake juu ya mkono ulioshika kalamu, bila hasira yoyote.

"Andika nilivyosema, mwanangu," alisema. "Usisahihishe."